Hatua 10,000, 7,000 au 4,000: Ipi Ikufaayo?

Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya saa ya Kijapani iitwayo Yamasa ilitoa sokoni kidude cha kufunga kiunoni kinachohesabu hatua. Kikaitwa Manpo-kei, kipimo cha hatua 10,000. Hapakuwa na utafiti uliowafuata watu kwa miaka ukaona kwamba 9,000 hazitoshi na 10,000 zinatosha. Ilikuwa namba iliyotimia, nyepesi kushika kichwani, nzuri ya kuuzia bidhaa. Miaka 60 imepita, na namba ile ile imo ndani ya simu na saa za mkononi tunazouziwa madukani Mombasa, na watu wanaichukua kama dozi iliyoandikwa na daktari.

Shirika la Afya Duniani lenyewe halijaweka lengo la hatua. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu yake za mazoezi mazito, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili kwa wiki. Lakini nani anakaa kuhesabu dakika? Hatua zinajihesabu zenyewe. Na katika miaka hii ya karibuni tafiti zimepatikana zilizohesabu hatua hasa, kwa hiyo tunaweza kuzilinganisha namba tatu ambazo watu huulizia: 10,000, 7,000 na 4,000.

Nitatumia watu wawili wa familia moja. Ami yangu ana miaka 66, mstaafu wa bandarini, anakaa Mji wa Kale, ana sukari, na goti la kulia linamlalamikia akipanda ngazi. Mwanawe ana miaka 37, ni mhasibu, anakaa Bamburi na ofisi yake iko karibu na Posta, Digo Road. Huyu kijana ndiye aliyemnunulia babake saa ya mkononi, akaiweka lengo la 10,000 kama lilivyotoka kiwandani, na kila usiku saa ikawa inamwonyesha mzee duara lisilojaa hata theluthi. "Hii saa yako, mwanangu," ami alimwambia, "imekuja kunisimanga."

Faida imejazana wapi

Utafiti wenye kuvutia zaidi, kwa maoni yangu, ni ule ulioongozwa na Profesa I-Min Lee wa Harvard, uliochapishwa 2019. Walivalishwa vipimo kiunoni wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72, kwa siku saba, kisha wakafuatwa kwa miaka minne na kitu. Wakagawanywa mafungu manne kulingana na hatua zao. Fungu la chini kabisa lilikuwa likipiga kama hatua 2,700 kwa siku. Fungu lililofuata lilipiga kama 4,400, na hatari yao ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa chini kwa asilimia 41 ukilinganisha na wale wa 2,700. Fungu la tatu, kama hatua 5,900, ilikuwa chini kwa asilimia 46. Fungu la juu, kama 8,400, asilimia 58. Kisha, ilipofika karibu hatua 7,500, mstari ukalala. Kuongeza zaidi hakukuonyesha kupungua tena.

Tazama tofauti ya mwanzo. Kati ya 2,700 na 4,400 kuna hatua 1,700, ambazo ni mwendo wa dakika 17 hadi 20. Hapo ndipo faida kubwa ilipo. Ni kama kukamua nazi: tui la kwanza ndilo zito, la pili bado ni tui, ila jepesi, na ukiendelea kukamua unatoa maji.

Mwaka 2022 zikakusanywa tafiti 15 zenye watu zaidi ya 47,000, na picha ikawa ile ile lakini ikagawanyika kwa umri. Kwa wenye miaka 60 na zaidi, mstari ulilala kati ya hatua 6,000 na 8,000. Kwa walio chini ya miaka 60, ulilala kati ya 8,000 na 10,000. Kwa hiyo namba ya Yamasa si ya kutupwa. Kwa kijana wa Bamburi inaangukia kwenye ukingo wa juu wa mahali faida inapokoma. Kwa babake imevuka.

Kabla ya kwenda mbali, mambo mawili ya kushikilia. Kwanza, hizi ni tafiti za kuwaangalia watu. Hakuna aliyelazimishwa kutembea wala kukatazwa. Mtu mwenye moyo dhaifu au mapafu mabovu hutembea kidogo kwa sababu anaumwa, kisha hufa kwa sababu anaumwa, na kwenye hesabu itaonekana kana kwamba uchache wa hatua ndio uliomuua. Watafiti hupambana na jambo hili kwa kuwaondoa waliokufa mapema na kuzingatia sigara, umri na maradhi, lakini haliishi lote. Kwa hiyo ukisoma asilimia 41, elewa mwelekeo. Usiichukue kama ahadi. Pili, zile tafiti 15 zilitoka Asia, Australia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika haimo. Maisha ya huko mengi ni ya kukaa na kuendesha magari, na Mombasa ina watu wa namna hiyo, lakini ina wengine pia.

10,000: kwa nani?

Hatua 10,000 ni kama kilomita saba kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kwa mwendo wa hatua 100 kwa dakika ni dakika 100 za kutembea. Mtu asiyehesabu hatua za ndani ya nyumba na ofisini ataona ni nyingi mno. Akizihesabu, bado atahitaji karibu saa nzima ya ziada juu ya shughuli zake.

Anayeipata saa hiyo ana sababu za kuishika namba hii ikiwa bado hajafika 60. Kuna jambo moja ambalo faida yake iliendelea kuonekana hadi karibu na 10,000, nalo ni maradhi ya akili ya uzeeni, yale ya mzee kusahau hadi njia ya nyumbani. Utafiti wa Uingereza wa 2022 uliopima zaidi ya watu 78,000 ulikuta hatari ikiwa ndogo zaidi karibu na hatua 9,800. Lakini utafiti huo huo ulisema nusu ya faida hiyo ilishapatikana kwenye hatua 3,800. Tui la kwanza tena.

Anayeishika 10,000 kwa ajili ya kupunguza mwili, hapo namwonya. Kutembea hatua hizo kwa mtu wa kilo 70 kunachoma takriban kalori 300 hadi 400, nazo hurudi kirahisi mezani asubuhi kwa mahamri na mbaazi za nazi. Kutembea kunasaidia mwili uliopungua usirudi, na kunasaidia mengine mengi, ila tumbo linaamuliwa zaidi na sahani.

Na kuna watu wa Mombasa ambao lengo hili haliwahusu kabisa. Hamali wa Marikiti, msukuma mkokoteni, mama anayetoka Likoni alfajiri, anateremka kwa miguu hadi kwenye feri, anapanda upande wa pili, anazunguka nyumba mbili tatu akifua na kupiga deki kisha anarudi vile vile. Hao wamevuka 10,000 bila saa. Ukimwambia mama huyo aongeze hatua utakuwa humtendei haki. Anachokosa ni kupumzika, maji ya kunywa na viatu vyema. Ninaposoma makala za afya zinazosema "Waafrika tembeeni zaidi" huwa najiuliza mwandishi amewahi kusimama Likoni saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa mhasibu wetu, 10,000 ilimkaa vibaya kwa sababu nyingine. Siku aliyopata 7,400 aliiona ni siku aliyoshindwa, na baada ya siku kadhaa za kushindwa akaacha kuvaa saa. Hilo ndilo tatizo la lengo lililowekwa juu ya mahali faida inapojaa: linamwita mzembe mtu aliyekwisha kupata karibu yote.

7,000: namba ninayompa mtu wa ofisini

Julai 2025 ulitoka mkusanyiko mkubwa wa tafiti 57 katika jarida la Lancet la afya ya umma. Walilinganisha watu wa hatua 7,000 na watu wa 2,000. Hatari ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 47. Kupatwa na maradhi ya moyo, asilimia 25. Maradhi ya akili ya uzeeni, 38. Kuanguka, asilimia 28. Dalili za sonona, 22. Kisukari cha ukubwani, 14, na saratani asilimia 6 tu, ambayo ni ndogo mno kujivunia. Kuhusu kufa, waliofika 10,000 hawakuwaacha mbali hawa wa 7,000.

Basi tumhesabu mhasibu. Siku ya kazi ya kawaida saa yake inasoma kama 3,800: kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu, kutoka Posta hadi ofisini, choo, chakula cha mchana, mashine ya kunakili, kisha kurudi. Anahitaji 3,200 zaidi, yaani dakika 32 za mwendo mzuri.

Wazo la kwanza lilikuwa ashuke Buxton asubuhi badala ya Posta. Kutoka Buxton hadi Posta ni dakika 15 hadi 20, hatua 1,800 hivi. Kwenye karatasi linapendeza. Kwa Mombasa, hasa kuanzia Januari hadi Machi, mtu aliyetembea hivyo saa mbili asubuhi anaingia ofisini shati limegandamana mgongoni, na baada ya wiki anatafuta visingizio. Kwa hiyo tukaligeuza. Jioni akitoka kazini, badala ya kugombea matatu pale Posta wakati kila mtu anagombea, anatembea hadi Buxton na kupandia huko. Jua limeshuka, hana mkutano mbele yake, na jasho analipeleka nyumbani kuoga. Hapo amepata 1,800 na kufika 5,600. Baada ya chakula cha mchana anazunguka dakika 10 kwenye upande wenye kivuli; hizo ni kama 1,000. Jumla 6,600. Mimi simdai hizo 400 zilizobaki. Tofauti ya 6,600 na 7,000 haionekani kwenye utafiti wowote.

Mwendo wenyewe uwe upi? Watafiti wa mwendo wanachukua hatua 100 kwa dakika kuwa ndipo mwendo unapoanza kuitwa wa wastani, ule unaohesabiwa kwenye zile dakika 150 za Shirika la Afya Duniani. Huhitaji saa kujua. Tazama saa yoyote, hesabu hatua zako kwa sekunde 15; zikifika 25 umo. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umo. Hata hivyo, utafiti wa Marekani wa 2020 wa watu 4,840 ulikuta kwamba ukishahesabu jumla ya hatua za siku, kasi yake haikuongeza kitu cha maana kwenye hatari ya kufa. Kasi inajenga pumzi na moyo, na ukiweza ni bora, ila asiyeweza kwenda haraka asidhani hatua zake ni bure.

4,000: ndogo kwa macho tu

Sasa ami. Saa yake ilisoma 2,600 siku nyingi. Msikiti uko hatua 230 kutoka mlangoni pake. Anakwenda na kurudi mara nne kwa siku na si tano, kwa sababu baada ya magharibi hubaki msikitini hadi isha. Hapo ni 1,840. Zilizobaki ni za ndani ya nyumba na za kwenda barazani kwa jirani. Anaangukia sawasawa kwenye lile fungu la chini la Profesa Lee, na maana yake ni kwamba yeye ndiye mwenye kufaidika zaidi katika familia ile, kwa jitihada ndogo zaidi.

Mwanawe alitaka amwekee 7,000 mara moja. Mimi nilikataa, kwa ajili ya goti na kwa ajili ya sukari.

Tuanze na sukari, kwa maana kwa mgonjwa wa kisukari wakati wa kutembea una uzito kuliko idadi ya hatua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwachukua watu 41 wenye kisukari cha ukubwani, mwaka 2016 wakachapisha. Kwa kipindi kimoja watu hao waliambiwa watembee dakika 30 kwa siku wakati wowote wanaotaka. Kwa kipindi kingine, watu wale wale, watembee dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Dakika ni 30 zile zile. Walipotembea baada ya kula, sukari yao ya baada ya chakula ilikuwa chini kwa asilimia 12, na baada ya chakula cha usiku, ambacho ndicho chenye wanga mwingi na baada yake mtu hukaa tu, ilikuwa chini kwa asilimia 22. Sababu yake haina fumbo. Musuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ya mwili ni dhaifu, na ukiuamsha wakati sukari inapanda unaivuta ikiwa bado iko njiani.

Mwendo wa ami ni wa taratibu, kama hatua 85 kwa dakika. Dakika 10 ni hatua 850. Wiki mbili za kwanza alitembea baada ya chakula cha usiku tu, kutoka mtaani kwake kuelekea Fort Jesus akageuka dakika ya tano. Hapo akawa na 3,450. Wiki mbili zilizofuata akaongeza baada ya chakula cha mchana. Watu walishangaa, jua la mchana! Lakini Mji wa Kale una vichochoro ambavyo majumba marefu ya pande zote mbili hayaachi jua kuteremka, na ukichagua vichochoro hivyo unatembea kivulini mwanzo mpaka mwisho. Anayekaa Kongowea au Bamburi hana bahati hiyo. Yeye azunguke ndani ya nyumba au asubiri alasiri. Akafika 4,300. Mwezi wa pili akaongeza baada ya chai ya asubuhi, na sasa ni kama 5,100. Lengo la saa tukaliweka 4,500, ili duara lijae na siku mbaya iwe na nafasi.

Sharti la kwanza ni dawa. Ami anatumia metfomini pamoja na glibenklamidi. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi na dawa za jamaa yake, na insulini, zinaweza, hasa mtu akila kidogo kisha akatembea. Kwa hiyo peremende au vijiko vitatu vya sukari kwenye karatasi vinakaa mfukoni mwa kanzu daima. Dalili ni kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, na jasho. Jasho ndilo linalodanganya hapa kwetu, kwa kuwa kila mtu anatoka jasho. La kutazama ni jasho lililokuja wakati hujachoka na upepo unavuma, ngozi ikiwa baridi. Mtu akilipata asimame, ale ile sukari, akae dakika 15, akipima na kuona bado iko chini arudie.

Sharti la pili ni miguu. Wenye sukari ya muda mrefu hupoteza hisia vidoleni bila kujua, na malengelenge yakitokea hawayasikii hadi yawe kidonda. Makubadhi yanapendeza na kanzu lakini hayamfai mtu wa namna hii; kamba inakata, changarawe inaingia. Kuna kipimo cha nyumbani ambacho hakihitaji chombo. Mzee alale, afumbe macho. Mtu mwingine amguse kwa ncha ya kidole, taratibu, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Ni vidole sita kwa jumla. Kila akiguswa aseme ni mguu upi. Akikosa viwili au zaidi, kabla ya kuongeza hatua aende kliniki ya sukari miguu itazamwe. Ami alikosa kimoja, cha mwisho cha mguu wa kushoto, na tangu siku hiyo anatembea na raba na soksi, na mkewe anamkagua nyayo kila usiku. Analalamika kuhusu raba. Anazivaa.

Goti lina habari yake. Wengi wakiumwa goti huambiwa "pumzika usilichakaze". Utafiti wa Marekani wa 2014 uliwafuata kwa miaka miwili watu 1,788 wenye ugonjwa wa kuchakaa goti au walio katika hatari ya kuupata, na mpaka uliowatenga walioendelea kutembea vyema na walioanza kushindwa ulikuwa karibu na hatua 6,000 kwa siku. Chini ya hapo ndipo wengi walipodhoofika. Huku si kusema mwenye goti bovu arukie 6,000 kesho. Kanuni tunayoitumia ni ya siku ya pili: maumivu kidogo wakati wa kutembea ni ya kuvumilia, lakini yakiwa bado yapo asubuhi ya kesho yake, au goti limevimba, punguza robo ya ulichoongeza ukae hapo wiki moja. Na epuka kutembea muda mrefu ufukweni Nyali maji yakiwa yamejaa. Kipande kinachobaki kinakuwa cha mteremko, mguu mmoja juu mmoja chini, na goti linapinda upande. Maji yakipwa, mchanga ulioloa ni tambarare na mgumu, hapo sawa.

Kwa hiyo ukiniuliza ni nani wa kuchagua 4,000 au jirani yake, ni yule ambaye saa yake inasoma chini ya 3,000 leo. Mzee, anayetoka kuugua, mjamzito aliyelemewa, mwenye duka anayekaa nyuma ya kaunta kuanzia asubuhi hadi isha. Mkusanyiko wa 2023 wa watu karibu 227,000 ulianza kuona hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo ikishuka tangu hatua 2,300, na kila hatua 1,000 za ziada ziliendana na kupungua kwa hatari ya kufa kwa asilimia 15. Ndiyo maana sipendi kumpa mtu namba kabla sijaona yake. Vaa saa wiki moja bila kubadilisha kitu, chukua wastani, ongeza 1,000. Ukishazoea, ongeza tena, hadi ufike mahali mstari unapolala kwa umri wako.

Uiamini saa kiasi gani?

Kiasi. Saa ya mkononi inahesabu mkono unavyoyumba, kwa hiyo mama anayekuna nazi juu ya mbuzi hupewa hatua ambazo hakuzipiga, na yule yule akibeba mfuko wa sokoni kwa mkono wenye saa hunyimwa alizozipiga. Simu inahesabu ikiwa mwilini. Mwenye dera lisilo na mfuko huiacha juu ya meza na siku yake yote ya jikoni inapotea. Boda boda juu ya barabara yenye mashimo huweza kuongeza. Na wazee wanaoburuta mguu taratibu hupunjwa na vifaa karibu vyote, jambo linalomvunja moyo mtu asiyestahili.

Kipimo chake ni hiki: tembea hatua 100 ukizihesabu kwa mdomo, kisha tazama saa imeongeza ngapi. Ikiwa kati ya 90 na 110, inatosha. Ya ami ilitoa 81 kwenye mkono wa kushoto. Tulipoilegeza kamba ikazidi kuharibika, tulipoihamishia mkono wa kulia, ambao huuyumbisha zaidi akitembea, ikatoa 93. Usilinganishe namba yako na ya mwenzako mwenye kifaa kingine. Hata tafiti zenyewe, zilizovalisha kiunoni na zilizovalisha mkononi hazisomi sawa.

Na usiihukumu siku moja moja. Utafiti wa Marekani wa 2023 uliwafuata watu 3,101 kwa miaka kumi, na waliofikisha hatua 8,000 siku moja au mbili tu kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa karibu pointi 15 za asilimia kuliko wasiofikisha hata siku moja. Waliofikisha siku tatu au zaidi, pointi 16 na kitu. Mhasibu ambaye Jumatano amebanwa na hesabu za mwisho wa mwezi anaweza kulipa Jumapili jioni akizunguka bustani ya Mama Ngina na wanawe. Kwa sukari ya ami hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu mlo wa Jumatano haungoji Jumapili.

Swali lililobaki nyumbani kwao ni Ramadhani. Mchana hatua zitashuka, na mwenye glibenklamidi asianze kutembea akiwa amefunga. Kwanza azungumze na daktari wake kuhusu kufunga kwenyewe na saa za dawa, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Matembezi ya ami yatahamia baada ya futari, dakika 10 kabla ya isha, na baada ya hapo kuna tarawehe. Aliuliza kama saa itahesabu rakaa. Haitahesabu, au itahesabu moja mbili kwa bahati, ingawa kuinama, kusujudu na kuinuka kwa muda wote ule ni kazi ya mapaja ambayo hatua haziigusi.